Kusi ya mwaka 1998: duka lililouza kila siku likaishiwa na bidhaa

Duka lilikuwa Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, karibu na njia iendayo Msikiti wa Riyadha. Kilikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe. Mlangoni palikuwa na meza ya mbao, juu yake mizani ya sahani mbili na mawe ya kilo, nusu na robo. Nyuma ya meza yalipangwa magunia ya mchele, sukari na maharagwe, na pembeni kabisa, mbali na vyakula, pipa la mafuta ya taa. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza ya mshahara baada ya kumaliza kidato cha nne. Mwenye duka nilimwita Ami, ingawa hatukuwa ndugu wa damu; alisoma chuo kimoja na baba yangu, na kwetu hilo latosha.

Naikumbuka kazi ile kwa mapenzi makubwa. Nakumbuka harufu ya iliki na sabuni ya kipande iliyochanganyika, watoto waliotumwa majani ya chai huku wakilikariri agizo njia nzima wasilisahau, na punda waliosimama wenyewe mbele ya duka kwa kuwa walikwisha kujua ndipo wanapoteremshiwa mizigo. Lakini kisa ninachotaka kukieleza ni kimoja tu, cha tangu Aprili hadi Desemba 1998, pale duka lililokuwa likiuza kutoka asubuhi hadi Isha lilipokaribia kufungwa. Mimi ndiye niliyeandika daftari, kwa hiyo hesabu nilizitazama kwa karibu. Hapa nimezikata ziwe nzima ili zisomeke kwa urahisi.

Kwanza yafaa kujua wateja wetu walikuwa nani. Walimu na wafanyakazi wa serikali walikuwa wachache, na hao hupata mshahara mwisho wa mwezi. Wengi walikuwa wavuvi, mabaharia wa mashua za kupakia wageni, mahamali, wenye punda na mafundi. Riziki ya mvuvi wa Lamu hufuata upepo. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa meupe, na ndipo kamba na samaki wa miambani hupatikana vizuri. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo havithubutu kuvuka miamba. Wanaoendelea kuvua hubaki ndani ya mikondo, kama ule wa Mkanda kati ya Manda na bara, na wanachopata ni cha kitoweo zaidi kuliko cha kuuza. Hali huanza kufunguka tena Septemba.

Kwa hiyo kila mwaka duka liliingia kusi likijua kwamba litakopesha. Hilo halikuwa jambo geni. Mvuvi alikuwa na karatasi yake katika daftari, akichukua unga, sukari na mafuta ya taa, na kaskazi ikirudi analipa. Mzunguko huo uliwalisha watu wa mitaa ile kabla yangu na kabla ya Ami mwenyewe.

Mwaka 1998 watu waliingia kusi mikono mitupu. Agosti 1997 kulitokea ghasia za Likoni, na wageni wakapungua pwani nzima. Mabaharia wa mashua za wageni wakakaa bure. Kisha zikaja mvua za El Nino, zilizoanza mwisho wa 1997 na kuingia mwaka uliofuata. Mto Tana ulifurika, barabara ya Garsen ikakatika, na bidhaa zilizozoea kuja kwa lori kutoka Mombasa hadi gati la Mokowe zikawa adimu na ghali. Ramadhani nayo iliingia siku zizo hizo, mwisho wa Desemba 1997, na Ramadhani ina gharama zake. Msimu ambao mvuvi alipaswa kulipa deni la zamani na kuweka akiba ukawa msimu wa kula alichopata siku ile ile. Kwa hiyo Aprili ilipoingia daftari lilikwisha kuwa na deni la shilingi 30,000 ambalo kwa kawaida lingekuwa limelipwa.

Sasa tuiangalie hesabu ya mwezi mmoja wa kusi, kwa sababu hapo ndipo penye fumbo lote.

Tuliuza bidhaa za karibu shilingi 5,000 kwa siku, yaani 150,000 kwa mwezi. Faida yetu, ukichanganya vyakula vyenye faida ndogo na vitu vidogo kama viberiti na sabuni vyenye faida kubwa kidogo, ilikuwa kama shilingi 12 katika kila 100 ya mauzo. Hiyo ni 18,000 kwa mwezi. Mtu akiitazama hesabu hiyo peke yake atasema duka lina afya.

Lakini nusu ya mauzo ilikuwa ya mkopo. Katika zile 150,000, pesa taslimu zilizoingia katika sanduku zilikuwa 75,000 tu. Waliolipa madeni ya nyuma walileta jumla ya 35,000. Sanduku lilipata 110,000. Na ili kurudisha rafuni bidhaa zilizotoka, pamoja na nauli ya lori, mashua ya kutoka Mokowe, hamali na punda, tulihitaji 132,000. Pengo lilikuwa 22,000, na hapo bado hatujalipa kodi ya nyumba, mshahara wangu na matumizi ya nyumbani kwa Ami, ambayo pamoja yalikuwa kama 9,000.

Kwa hiyo kila mwezi duka lilipata faida ya 18,000 na papo hapo likapungukiwa na 31,000. Faida haikuwa uwongo. Ilikuwepo, lakini ilikaa katika daftari, tena ikiwa imechukua na mtaji ikaenda nao. Deni la wateja lilikua kwa 40,000 kila mwezi. Mwisho wa Mei lilikuwa limefika 110,000, na bidhaa zilizokuwa za thamani ya 120,000 zilibaki za 58,000.

Hakuna siku moja ambayo mtu angesema leo duka limeharibika. Dalili zilikuja kidogo kidogo, na Ami alizisoma kabla mimi sijazitambua. Ya kwanza ilikuwa rafuni. Duka linalokufa halibaki tupu mara moja. Hubaki na vitu visivyokwenda. Sukari ilikwisha, unga ukabaki pakiti chache, lakini rangi ya viatu, sahani za bati na sabuni ya aina ambayo watu hawaipendi zilijaa. Macho yakipita haraka huona duka lina mali. Mali ile haikuweza kumlisha mtu.

Dalili ya pili ilikuwa njiani. Jioni moja Ami aliniambia, "Mwanangu, watazame wanaopita, si wanaoingia tu." Nikatazama. Baadhi ya wadaiwa wetu waliacha kupita mbele ya duka. Mtu aliyekuwa na deni la 3,000 akipata shilingi 200 za kitoweo alizipeleka duka la mtaa wa pili, akanunua kwa pesa taslimu. Kwetu alirudi siku asiyokuwa na kitu. Hakufanya hivyo kwa hila. Aliona haya kuja na shilingi 200 kununua sukari mbele ya mtu anayemdai 3,000, na aliogopa kwamba zile 200 zitachukuliwa zote kwa deni na watoto walale bila chai. Kwa hiyo deni kubwa lilikuwa limemfukuza mteja wetu akiwa na pesa na kumrudisha akiwa hana. Katika yote niliyojifunza pale, hili ndilo ninaloliona kubwa zaidi, na sijaliona likielezwa vya kutosha na watu wanaozungumzia maduka ya rejareja.

Dalili ya tatu ilitoka Mombasa. Matajiri wa jumla walimpa Ami bidhaa kwa mkopo wa siku 30. Wateja wetu walihitaji miezi minne au mitano. Muda wetu wa kulipa ulikuwa mfupi kuliko muda wetu wa kulipwa, na tofauti hiyo aliibeba Ami peke yake. Kaskazi nzuri humfichia mwenye duka jambo hili kwa sababu watu hulipa kila wiki. Kusi huliweka wazi. Mwanzoni mwa Juni tajiri mmoja alituma salamu kwa dereva wa lori kwamba mzigo mwingine hautapakiwa mpaka wa nyuma ulipwe.

Na wakati huo haukuwa wakati wowote. Mfungo sita wa mwaka ule uliangukia Julai, na Maulidi ya Lamu huleta wageni kutoka pwani yote na visiwani. Nyumba za Langoni hujaa. Sukari, mchele, unga wa ngano, samli, tende na iliki hutoka kwa kasi, na kwa pesa taslimu. Kwa duka kama letu ile ilikuwa nafasi pekee ya kupata sarafu katikati ya kusi, nasi hatukuwa na bidhaa wala pesa za kuzinunua.

Watu walimshauri Ami mambo mawili. Wengine walisema afunge daftari kabisa. Wengine walisema awafuate wadaiwa majumbani. Yote mawili aliyapima. Kufunga daftari katikati ya kusi kungewaacha watu bila unga, na kungehakikisha kwamba kaskazi ikirudi hakuna atakayelipa, kwa sababu mtu hulipa kwanza pale atakapohitaji kukopa tena. Kuwafuata majumbani nako hakukuwa na faida: asiye na kitu hana kitu. Zaidi ya hayo Ami alikuwa mtu wa dini. Alisema Suratul Baqara imeamuru deni la muda liandikwe, na humo humo imeamuru mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate wepesi. Kuongeza bei kwa sababu ya kuchelewa hakukuwa jambo la kujadiliwa dukani pale.

Alichofanya kilianza na daftari jipya. Tuliketi usiku, duka limefungwa, tukahamisha kila deni la kale katika ukurasa wake na kupiga mstari chini yake. Hilo likawa deni lililosimama. Haliongezeki, na hakuna atakayedaiwa mpaka bahari ifunguke. Kisha akawatuma watoto na salamu kwa kila nyumba, na waliokuja aliwaambia kwa mdomo wake. Namkumbuka mvuvi mmoja, mtu mzima kuliko Ami, aliyekuwa hajafika dukani kwa majuma kadhaa.

"Ndoo, kaka, keti," Ami alimwambia. "La zamani limelala. Ukija na shilingi zako hamsini, utapata sukari ya hamsini. Sitakata hata senti."

"Na kaskazi?"

"Kaskazi ukiuza, niletee fungu moja katika matano. Manne ni yako na nyumba yako."

Yule mzee alinunua chai na sukari siku ile ile, kwa pesa. Wengine walifuata. Kusimamisha deni hakukuleta shilingi moja ya deni lenyewe, lakini kuliwarudisha wanunuzi wa pesa taslimu ambao tulikuwa tumewapoteza.

Lile fungu moja katika matano lilikuwa na sababu yake. Mvuvi wetu hakuwa na mdai mmoja. Tajiri wa samaki, aliyempa nyavu, barafu au pesa za matengenezo ya chombo, alikata chake pale pale pwani samaki wakipimwa, kabla pesa haijashikwa mkononi. Mwenye duka alikuwa wa pili siku zote. Ami alijua kwamba akidai nusu ya kinachobaki, atapata mara moja na hatapata tena. Akidai kidogo kisichoumiza, kitakuja kila mara bahari inapotoa.

Mkopo mpya haukufungwa, ila uliwekewa mipaka. Bidhaa za mkopo zilikuwa unga, mchele, sukari, chai, chumvi na mafuta ya taa. Soda, biskuti, sigara na vitu vya urembo vilikuwa kwa pesa tu. Na kila nyumba iliwekewa kiwango cha wiki kwa bidhaa, si kwa shilingi, kulingana na idadi ya watu na mlango wao wa riziki. Mwalimu alipewa zaidi kwa sababu mwisho wa mwezi haukuwa mbali. Mvuvi alipewa kidogo lakini kwa hakika. Kuweka kiwango kwa bidhaa kulisaidia kuliko nilivyodhani. Mama anapojua kwamba kila Ijumaa ana pakiti zake za unga na kilo yake ya sukari, hupanga jiko lake, na maneno mlangoni hupungua.

Kuhusu Maulidi, Ami aliuza kwa bei ya kununulia zile sahani za bati, sabuni zilizodorora na rangi za viatu, akapoteza faida yake yote humo. Akaongeza na akiba ndogo ya nyumbani, akamlipa tajiri wa Mombasa sehemu ya deni na kumwomba mzigo mdogo. Badala ya kuagiza mara moja kwa mwezi, akaagiza kidogo kidogo na kila mara vile tu vilivyokwenda haraka. Nauli kwa kila gunia ilipanda, na faida ya gunia ikapungua. Lakini gunia la sukari lililouzika kwa siku chache lilirudisha pesa yake, na pesa hiyo ikaleta jingine kabla mwezi haujaisha. Pia kulikuwa na manufaa ambayo wasiokaa Lamu huenda wasiyafikirie: wakati wa mvua na kusi, sukari na chumvi hushika unyevu na kuganda, na unga hupata wadudu. Mzigo mdogo haukai muda wa kuharibika.

Hesabu ya mwezi baada ya hapo, ukiacha siku za Maulidi zenyewe, ilikuwa hivi. Mauzo yalishuka hadi 108,000. Mkopo katika hizo ulikuwa 30,000, kwa hiyo taslimu ilikuwa 78,000. Walimu na wengine wenye mapato waliolipa walileta 20,000. Sanduku likapata 98,000, na kurudisha bidhaa kulihitaji 95,000. Pengo la bidhaa lilizibika, likabaki na 3,000. Hazikutosha kodi, mshahara wangu na matumizi ya Ami, na kwa miezi miwili mshahara wangu ulikuja vipande vipande. Nilikuwa kijana asiye na familia na sikuona uzito wake kama alivyouona yeye. Tuliuza kidogo kuliko mwanzo, faida ya karatasini ilishuka kutoka 18,000 hadi kama 13,000, na duka likapata pumzi. Pesa za Maulidi ndizo zilizolifikisha Septemba.

Bahari ilipofunguka mafungu yakaanza kuja. Wengine walileta kila walipouza, shilingi 40, 60, mara moja 300 baada ya kamba kupatikana. Kila malipo niliyaandika mbele ya mwenyewe na kumsomea salio. Ami alitaka sehemu kubwa iwe imelipwa kabla ya Ramadhani, iliyoingia karibu na tarehe 20 Desemba, kwa sababu Ramadhani ikishaingia na ada za shule za Januari zikifuata, hakuna nyumba yenye ziada. Kufikia hapo, katika zile 110,000, zilikuwa zimerudi zaidi ya 70,000. Zilizobaki ziligawanyika. Baadhi waliendelea kulipa mwaka uliofuata. Wengine walihamia Malindi au Mombasa kutafuta kazi na hatukuwaona tena. Mdaiwa mmoja alifariki, na wanawe walipokuja kuuliza deni la baba yao, Ami alikwisha kulifuta.

Njia ile ilikuwa na mipaka, na sipendi kuipamba. Iliwezekana kwa sababu mdai na mdaiwa walisali msikiti mmoja na kupita njia moja. Duka la pale pale gatini, lenye wateja wa kupita, lisingeweza kusimamisha deni na kutegemea lirudi. Tena ilihitaji mwenye duka ambaye nyumba yake ingeweza kubana matumizi miezi kadhaa. Kama Ami angekuwa na mgonjwa wa kupeleka Mombasa mwaka ule, mtaji ungekwisha, hata kwa daftari zuri namna gani. Leo mteja hutuma pesa kwa simu na mwenye duka huona malipo yakiingia papo hapo, lakini hakuna simu inayobadilisha muda ambao mvuvi hukaa bila mapato. Pengo kati ya siku 30 za tajiri wa jumla na miezi ya kusi bado lipo kwa yeyote anayefungua duka mtaani Lamu.

Ami mwenyewe alianza mapema kwa kusi ya 1999. Februari, kaskazi ikiwa bado inatoa, alikwenda Mombasa akakubaliana na tajiri wake: kuanzia wakati huo hadi Machi atanunua kwa taslimu tupu, na badala yake Mei na Juni apewe siku 60. Aliporudi alinipa daftari lingine, akaniambia niandike juu ya kila ukurasa, kabla ya jina la bidhaa yoyote, kazi ya mwenye nyumba na mwezi anaoanza kupata pesa.